Jiwe Refu la Mke Wangu Kukalia

Magoti ya mke wangu yalianza kukataa msimu wa kuvuna alizeti. Kwanza yalikataa kuinama, baadaye yakakataa kuinuka. Akikaa kwenye kigoda, kile cha chini cha kupikia, ilibidi nimshike kwapani nimnyanyue, na yeye hapendi kunyanyuliwa. Mwanamke huyu amebeba madebe ya maji kichwani kutoka korongoni miaka yote ya ujana wetu, halafu leo anyanyuliwe na mzee mwenye nyonga mbovu kama mimi. Basi akaamua asitoke. Akawa anakaa kitandani, kwa sababu kitanda kina kimo, mtu anateremsha miguu na kusimama. Ukimuuliza mbona huji nje kuota jua, anasema jua analiona dirishani.

Viti vya plastiki tulikuwa navyo viwili. Kimoja kilipasuka mguu yeye akiwa juu yake, na tangu siku hiyo hakukaa tena kwenye plastiki. Simlaumu. Mimi mwenyewe siviamini, ni vyepesi mno, hata upepo wa huku unavibeba.

Mimi ni mpasua mawe. Shule niliiacha nikiwa sijaweza vizuri hata kugawanya, lakini jiwe nalijua. Nimepasua mawe ya misingi ya nyumba nyingi upande huu wa Iramba, na kabla ya hapo nilipasua mwamba kule Sekenke kutafuta dhahabu, ambayo niliiona mara chache na sikuizoea. Kwa hiyo nikawaza: kitanda kina kimo, basi na kiti kiwe na kimo. Nikapima kwa fimbo kutoka sakafuni hadi ukingo wa kitanda, nikaenda korongoni na alama yangu kwenye fimbo.

Jiwe nililopata lilikuwa la rangi ya majivu, lina chembe nyeupe, halina ufa. Nilitamani lenye kitako kipana, ila mshipa wa jiwe ndio unaoamua, wewe unafuata. Likatoka refu, na upana wake ni zaidi kidogo ya nusu ya kimo chake. Lilipofika uani kwa mkokoteni, uso wa mbele nikauchonga kwa tindo mistari kama ya ungo, kwa sababu yeye anapenda kusuka ungo, na ukingo wa juu nikauzungusha usimkate mapaja. Kazi hiyo niliifanya polepole. Alikuwa akinisikia nikigonga, na hakuuliza ninagonga nini. Mke wangu akitaka kujua jambo haulizi, anasubiri mpaka wewe mwenyewe ushindwe kunyamaza.

Sasa nyumba yetu imekaa juu ya mwamba. Kutoka uani mpaka pembeni mwa mlango ni bamba moja la jiwe linalopanda taratibu, linakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Pale juu, ubavuni mwa mlango, ndipo ukikaa unaona barabara ya Shelui yote, malori yakishuka yakipumua. Nilitaka akae pale. Ila ni pembamba, ukuta huku na ukingo kule, huwezi kulifikisha jiwe limelala halafu ukaanza kuligeuza kulisimamisha. Lazima lipande limesimama wima. Mtaimbo nao sikuutaka, ungeng'ata kona nilizozichonga.

Nikamwita shemeji, mdogo wake mke wangu, na jirani yetu mmoja ambaye tulipasua naye mawe zamani. Wote wazee, ila jirani bado ana mgongo. Shemeji ana mdomo.

"Shemeji," akaniambia alipoliona jiwe, "dada yangu ulimtolea mahari ya mbuzi wagonjwa, leo unamlipa kwa jiwe?"

"Na mbuzi wenyewe mliwala siku ileile," nikasema. "Shika huku."

Mke wangu alikuwa amejikokota na fimbo yake hadi mlangoni, ameketi sakafuni juu ya mkeka, miguu ameinyoosha nje. Kutoka pale hawezi kusimama peke yake, na alijua, ila nadhani udadisi ulimshinda.

Sisi wapasua mawe tuna desturi. Kabla hujasukuma jiwe kubwa mahali pabaya, unatafuta kipande cha jiwe lilelile, unakichonga sura ileile, chembamba pale lilipo jembamba na kirefu pale lilipo refu, kitoshe mkononi. Tunakiita mtoto. Unamweka mtoto kwenye mwinuko uleule unamsukuma kwa kidole. Akiteleza, na mama yake atateleza. Akianguka, na mama yake ataanguka. Ukubwa haujalishi, maadamu sura ni moja na sakafu ni moja. Huwa haidanganyi.

Nikamtoa mtoto niliyemchonga, nikakaa chini, nikamweka mwambani, nikamsukuma. Akapanda akikwaruza, wima kabisa.

"Umeona," nikamwambia jirani, "linateleza."

Tukasogeza jiwe hadi mwanzo wa mwinuko, tukaweka viganja, tukasukuma. Halikusogea. Tukaongeza. Jiwe likainua kisigino. Nataka mnielewe: kitako cha upande wetu kikaachana na mwamba, upana wa kidole, na lote likawa limesimama kwenye ukingo wake wa mbele, linataka kulala kifudifudi juu ya ule uso nilioupamba. Tukalirudisha taratibu.

Tukajaribu tena, shemeji akisema tulisukuma kama watu waliokula mlenda mtupu. Likainua kisigino tena.

Jirani akafuta jasho, akalizunguka jiwe. Yeye si mtu wa maneno mengi. "Ni refu," akasema. "Kitako kidogo, kichwa mbali. Mwamba unalishika miguu, sisi tunalisukuma kichwa. Likatwe juu, shubiri moja, litapanda bila maneno."

Alisema kweli kwa namna yake. Jiwe fupi halianguki upesi. Lakini shubiri moja ndiyo ilikuwa kiti chenyewe. Likipungua shubiri linakuwa kigoda, na kigoda kilikuwepo jikoni, na mke wangu alikuwa kitandani kwa sababu ya kigoda. Nilimwangalia mke wangu, naye alikuwa ameangalia pembeni, kama mtu anayesikia anazungumziwa sokoni.

"Basi tumwage tope," shemeji akasema. "Tope la mfinyanzi, liteleze."

"Na miguu yetu itasimama wapi?" nikamuuliza. "Tukilowesha mwamba, jiwe litateleza na sisi tutateleza, na tukilala chini jiwe linarudi juu yetu. Huo ukwaruzo unaoulaumu ndio unaolishika tukipumzika."

"Basi kata. Dada ni mfupi tangu azaliwe, atakaa tu."

Jirani alikwishachukua nyundo, si kwa ubaya, ameishika tu akiningoja mwenye jiwe niseme. Na mimi, niseme ukweli, nilikaribia kusema ndiyo. Jua lilikuwa limepanda, nyonga inaniuma, na watu wawili wameacha mashamba yao kwa ajili yangu.

Mke wangu akasema kutoka pale mkekani, "Mzee, mtoto ulimsukuma wapi?"

"Hapo mwambani, si umeona?"

"Nimeona. Kidole chako kilikuwa chini, karibu na miguu yake. Nyie jiwe mnalisukuma juu, begani kwake."

Nikamchukua yule mtoto, nikamweka palepale, safari hii kidole juu karibu na kichwa. Akaanguka kifudifudi. Nikamsimamisha, kidole katikati. Akasita, akainua kisigino, akaanguka. Kidole chini kidogo ya nusu, akapanda huku anatikisika. Kidole karibu na miguu, akapanda ametulia. Nikarudia, maana nilikuwa kama mtoto mwenyewe. Mwamba uleule, jiwe lilelile, kilichobadilika ni mahali pa kidole.

Hili kosa ni la wazee. Kijana angechuchumaa akaweka bega chini bila kufikiri. Sisi migongo haikunji, viganja vinaangukia pale kifua kinapovipeleka.

"Sawa," shemeji akasema, "ni chini. Nani atainama huko? Mimi nikiinama mtanizika nikiwa hivyohivyo."

Tulisimama tukitazamana viuno. Halafu jirani akaweka nyundo chini, akaenda kwenye zizi, akarudi na mti mrefu, mmoja wa miti ya boriti. Akaweka ncha yake chini kwenye kitako cha jiwe, juu kidogo tu ya mwamba, akaweka gunia lililokunjwa katikati isiumize kona, kisha akarudi nyuma na ule mwisho mwingine. Kwa kuwa mwamba unateremka, kila alivyorudi nyuma alikuwa anashuka, na mti umelala sawasawa kama meza. Mwisho wake ukamfikia mapajani. Hakuinama sana, nusu ya rukuu tu.

"Mteremko unatuinamia wenyewe," akasema.

Tukashika mti watatu, mmoja nyuma ya mwingine. Ulikuwa mgumu, kwa sababu ukisukuma bapa kwenye mwinuko, nguvu nyingine inaingia mwambani inaligandamiza jiwe badala ya kulipandisha. Lakini kisigino hakikuinuka. Jiwe likatoa sauti ya kusaga, kama mtama juu ya jiwe la kusagia, likapanda kiasi cha unyayo mmoja. Tukapumzika, likabaki palepale. Tukasukuma tena. Mke wangu alikuwa ananyoosha mkono kuonyesha, kushoto, kulia, kama anayeongoza lori kurudi nyuma.

"Shemeji sukuma," nikasema, "unaegemea."

"Naegemea kwa nguvu."

Tulipofika juu nikalitegea vijiwe chini upande wa bondeni likakaa sawa, nikalitikisa kwa mikono miwili, halikucheza. Shemeji akataka kulikalia kwanza kulijaribu. Dada yake akamwambia, "Ondoa makalio yako hapo."

Tukamnyanyua kutoka mkekani, mimi huku na shemeji kule, yeye akatazama mbele kama kawaida yake akinyanyuliwa. Akakaa. Akapapasa ile mistari ya ungo kwa kidole bila kuiangalia. Akasema jiwe ni baridi. Nikakunja khanga, akainuka kidogo niitandike chini yake, na hapo sote watatu tukaona kwamba aliinuka mwenyewe, kisha tukajifanya hatukuona.

Wageni wakala, wakaaga. Jirani aliondoka na mti wake begani, maana alisema ni wake, na kweli nilikuwa nimeuazima tangu masika. Mke wangu akabaki pale. Kila aliyepita njia ya chini akapaza shikamoo mama, naye akaitikia marahaba, na aliowakosa siku nyingi akawauliza wagonjwa wao, mifugo yao, mambo yote yaliyokuwa yamelala ndani yake.

Jioni baridi ikaanza kuteremka mlimani. Nikatoka, nikampa mkono.

"Tangulia," akasema. "Nakuja."

Nikaingia, nikakaa kitandani nimetega sikio. Baada ya muda nikasikia fimbo yake ikigonga mwambani, halafu kizingitini, halafu sakafuni, ikija.