Mwizi wa Sauti Mezani kwa Mama Vidole

Kwa kuchapa, hakuna aliyemfikia Mama Vidole, na anayebisha alete mwingine. Kutwa nzima alivaa vipokea sauti visivyo na waya, akasikiliza kwenye simu yake mashauri ya mahakama yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno. Lakini juma hilo aliruka maneno ya shahidi mara mbili, na zote ni jioni. Msimamizi akamwambia, "Ya tatu, bibie, utarudi mapokezi kugawa fomu."

Tangu hapo akamshuku kila mwenye pumzi. Hasa jirani yake, Bwana Suti, aliyekuwa akiikodolea macho nafasi yake. Kila jioni sauti ilififia. Nani anayeipunguza, paka?

Akatega mtego. Asubuhi alipandisha sauti mpaka alama ya tisa, ili ishinde mngurumo wa mashine ya kunakili iliyokuwa ubavuni pake, akaandika tisa kiganjani kwa kalamu. Simu hakuiachia, hata msalani walikwenda wote wawili.

Saa kumi na moja jioni, shahidi alikuwa akisema kama yuko ndani ya mtungi. Mama Vidole akatazama: tisa. Kiganjani: tisa. Akavua vipokea sauti, masikio yanavuma.

"Umeifanya nini simu yangu?"

"Mimi?" Bwana Suti akacheka. "Dada, simu umeikalia kama kuku na mayai!"

Papo hapo kioo cha simu kikawaka. Mama Vidole akataka kuufuta ujumbe kama alivyofuta mwingine wa jana yake, akidhani ni wauza bidhaa. Bwana Suti akawahi kuusoma: "Juma hili umesikiliza kwa sauti kubwa kupita kiasi. Punguza, ulinde masikio."

"Simu inayajua masikio yangu kuliko mimi?"

"Inahesabu ukubwa wa sauti na saa ulizosikiliza. Sikio nalo huchoka, dada. Acha kwa leo. Kesho cheza kipande hichohicho, tisa ileile."

Hakumwamini hata chembe. Adui akikushauri kupumzika, shika kiti chako! Hata hivyo aliacha mistari mitano wazi, akaenda nyumbani, na hakuwasha hata redio.

Asubuhi, kabla mashine ya kunakili haijawashwa, akabonyeza. Shahidi akamfokea nusura aanguke kitini. Akashusha hadi tano, na kila neno likaja wazi. Akaijaza mistari yake, akaipeleka kwa msimamizi.

"Jana hapa sikusikia," akasema. "Masikio yalichoka, na hiyo mashine yenu ndiyo inayonifanya nipandishe sauti."

"Kwa hiyo hii ndiyo ya tatu?"

"Hii ndiyo ya kwanza niliyoikamata mwenyewe. Nikae kimya niruke tena?"

Msimamizi akaguna, akausoma ukurasa wote. Kabla ya adhuhuri mashine ilihamishiwa ukumbini, na Mama Vidole akapewa dakika kumi za kimya kila saa.

Dakika hizo hupumzika kweli. Ila jicho moja liko kwa Bwana Suti: mtu huyo elimu ya masikio kaipata wapi?