Mwaka wa Kuzaliwa wa Mshairi wa Matinyani

Juzi, tukiwa kwenye foleni ya posta ya Kabati, msichana wa kidato cha tatu alifungua bahasha palepale kaunta, akasoma, akanuna.

"Wamekunyima?" karani akauliza.

Msichana alikuwa amemwandikia mhifadhi nyaraka wa makumbusho Nairobi, akiomba mwaka wa kuzaliwa wa marehemu mshairi wa kwao Matinyani, shule iuchonge kwenye jiwe la maktaba. Akatusomea jibu: "Gazeti moja lilitaja mwaka, lakini halikusema liliutoa wapi. Usiuchonge."

Mwanamke mzee kwenye foleni akacheka. "Si alizaliwa mwaka wa njaa, pamoja na kaka yangu!"

"Njaa gani, susu?" msichana akamuuliza bibi huyo.

Bibi akakuna kichwa. Ukambani njaa hazihesabiki. "Lakini kanisani waliandika. Walibatizwa siku moja."

Msichana akageuza barua, uso ukang'aa. "Hata mhifadhi anasema nitafute rejista ya ubatizo! Ninakili maneno yalivyo, niandike namba ya ukurasa, nimpelekee aweke kwenye faili."

"Twende. Mwinjilisti anayetunza rejista yuko kanisani," bibi akasema.

Wakaondoka wameshikana mikono.

Miaka yote tumeiuliza Nairobi sisi ni nani. Safari hii Nairobi inangoja jibu kutoka Matinyani.