Namba Niliyokatazwa Kubadilisha

Hapa Kindu simu ikikosa rezo, yaani mtandao, hakuna anayeshtuka. Mnara umeishiwa mafuta, mvua imeharibu kitu, fundi amelala: unachagua sababu moja na kuendelea na kazi yako. Ndivyo nilivyofanya asubuhi ile. Nilikuwa nikishona sare za kwaya, simu yangu ya laini mbili ikiwa juu ya meza ya cherehani, na alama za rezo za laini ya kwanza zikatoweka zote kwa mara moja. Nikatazama, nikasonya, nikarudi kwenye pindo. Nilishona saa nzima. Saa ile bado inaniuma.

Laini ile haikuwa ya kuongea na watu. Wakati wa vita, treni zilipokuwa zimesimama na chumvi ikipimwa kwa kijiko, wenye bunduki walikuwa wakikamata vijana wawabebee mizigo. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na saba. Alivuka mto kutafuta mihogo pamoja na wenzake wawili, wakachukuliwa wote. Wenzake walirudi baada ya miezi, wamekonda, hawataki kusimulia. Walisema tu kwamba walipomwacha alikuwa hai.

Simu za mkononi zilipofika, mimi nilinunua mapema kuliko uwezo wangu. Namba nikampa kila aliyesafiri: watu wa mitumbwi, wachimbaji wa Kalima, mapadri, walevi. Mama alinicheka, akasema naigawa namba kama karanga. Halafu siku moja simu ikaita, na mwanamume mwenye sauti nzito akasema, "Yaya," kama mdogo wangu alivyokuwa akiniita mimi dada yake mkubwa. Nilimtambua hapo hapo.

"Yaya, usibadilishe hii namba. Siwezi kuja sasa. Nitaita tena."

Nikamwuliza yuko wapi, simu ikakatika. Nilipoipiga namba ile, akapokea mtu mwenye kibanda cha kupigisha simu kwa dakika. Wateja wake ni wengi, akasema, hawezi kuwakumbuka.

Basi nikaitunza. Mazungumzo yangu yote yalikuwa kwenye laini ya pili, ya kampuni nyingine. Hii nilikuwa naiwekea vocha kila mwezi isije ikafungwa, na pesa kidogo za vitambaa nikazihifadhi humo ili ionekane inaishi. Miaka mingi ilipita hivyo. Nisiseme uongo, nilichoka. Zipo siku nilimchukia mdogo wangu kwa ajili ya namba tu.

Asubuhi ile, baada ya ile saa nzima, laini ya pili ndiyo iliyoleta habari. Kwanza programu ya jumbe, niliyoiandikisha kwa namba ya kwanza ili mdogo wangu anipate hata humo, ilinitoa nje, ikisema namba yangu imesajiliwa kwenye simu nyingine. Halafu ukaja ujumbe wa kampuni ya laini ya kwanza, maana nilipojiandikisha niliwaachia hii ya pili kama namba ya kunipata: usajili mpya umekamilika, asante, kama si wewe fika dukani. Nikausoma mara tatu nikiwa na sindano mdomoni.

Ng'ambo ya barabara yuko mwuza vocha, mtu mzima mwenye mwavuli na maneno mengi. Nikamkimbilia.

"Rezo iko kwako?"

"Iko, mama. Tena mingi."

"Kampuni njo hii moja?" nikauliza, nikimwonyesha laini yangu ya kwanza.

"Njo hii hii." Akaitazama simu yangu, kicheko kikamwisha. Akaipiga namba yangu kwa simu yake, akaweka sauti kubwa. Simu yangu ilikuwa kimya mkononi mwangu, na namba yangu ilikuwa ikiita. Iliita mpaka ikakatika yenyewe, bila mtu kupokea.

"Mama, line yako iko kwa muntu mwingine," akasema. "Wamekutolea karte mpya ya simu. Hii yako imekufa."

Hakungoja nilie. Akaita huduma ya wateja kwa simu yake, nikawaeleza. Akaunti ya pesa wakaifunga papo hapo. Kuhusu laini yenyewe, wakasema, mwenyewe afike dukani na kitambulisho. Nilipanda pikipiki nikiwa bado na futi shingoni.

Dukani nilikuta msururu, na nilipofika mbele nikampata binti mpole mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Nikampa karte yangu ya kupigia kura, maana hapa ndiyo kitambulisho chetu. Akaigeuza. Kila mtu wa nchi hii anajua karte zile: wino huondoka. Ya kwangu ilikuwa imebaki plastiki nyeupe yenye kivuli cha kichwa.

"Mama, hapa jina haionekane. Ule aliyekuja alileta karatasi ya kupoteza vitambulisho, na muhuri. Yake inasomeka."

"Yake ni ya uongo!"

"Najua inaweza kuwa uongo. Lakini yako iko nyeupe." Akavuta kiti. "Tufanye hivi. Unitajie namba tano unaita sana na hii line."

Nikaanza kukunja futi.

"Tatu tu, mama."

"Siiti mtu na hiyo."

"Hata mumoja?"

"Hata mmoja. Ni ya kuitwa."

Waliokuwa nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Nilisikia aibu, kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi, na kitu ni changu. Nikamweleza habari za mdogo wangu kwa sauti ndogo, lakini msururu wote ukasogea kusikiliza. Binti hakusema pole. Akaomba simu yangu, akaifungua, akatoa ile karte iliyokufa, akasoma tarakimu ndogo zilizochapwa mgongoni mwake, moja moja, akilinganisha na kioo cha kompyuta yake.

"Hii njo ilikuwa ndani ya line mpaka leo asubuhi," akasema hatimaye. "Mwizi hana hii. Unayo wewe."

Akamwita mkubwa wake, wakanisainisha karatasi, wakanipiga picha na kuchukua alama ya kidole. Karte ya mwizi ikafungwa, mimi nikapewa mpya. Ilikuwa alasiri rezo iliporudi, alama zote nne. Nilifurahi, nikafungua akaunti haraka. Pesa za vitambaa zilikuwemo. Nikamshukuru binti kwa lugha zote ninazozijua.

Ndipo nikauliza nilichopaswa kukinyamazia. "Masaa yale ilipokuwa kwake, kuna mtu aliita?"

Akatazama kioo. "Ziliingia tatu. Mbili hazikupokelewa. Moja ilipokelewa, sekunde arobaini."

"Nipe hizo namba."

"Sina ruhusa, mama. Mpaka karatasi ya parke, muendesha mashtaka asaini."

Ya kwanza najua ni mwuza vocha. Ya pili ni binti yangu wa kumzaa, aliniambia jioni kwamba alijaribu namba zangu zote mbili na ile moja haikupokelewa. Barua ya kuomba ile ya tatu nimeipeleka parke, nimerudi huko mara nne, kila mara wananiambia mwenye muhuri amesafiri.

Huenda aliyepokelewa alikuwa mwizi mwenzake. Binti yangu anashikilia hivyo, na nikiwa nimekula vizuri namwamini. Lakini mtu akipokea simu isiyo yake, na sauti nzito ikamwita yaya, ana jibu moja tu la kutoa. Atakuwa alimwambia, umekosea namba. Na mdogo wangu ni mtu wa haya, hawezi kumsumbua mtu mara mbili.