Mwaka Uliotolewa Kwenye Faili la Bwana Miti

Nilipoajiriwa ukarani katika ofisi ya utumishi bomani Lushoto, nilikuwa na mwandiko mzuri na kidomo, na nilidhani vyote viwili ni sifa. Kazi yangu ilikuwa kutunza majalada ya watumishi na kujaza fomu za wanaostaafu. Nilikuwa mwepesi wa hasira, hasa kwa watu walioleta fomu zenye matope.

Bwana miti wa Magamba alileta yake ikiwa safi, imekunjwa ndani ya Biblia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa sauti iliyokatikakatika. Hakuwa mtu mzima sana, hata miaka arobaini na mbili hakuwa ametimiza, lakini pumu ilimkamata, na baridi ya msituni ikaizidisha. Bodi ya madaktari ilikuwa imeamua astaafu kwa sababu ya afya.

Nikasoma fomu yake. Mahali pa tarehe ya kuanza kazi aliandika tarehe ya miaka minane nyuma. Siku zile mtumishi asiyefikisha miaka kumi ya utumishi hakupata pensheni ya kila mwezi. Alipewa kiinua mgongo cha mara moja, akaenda zake. Huyu alikuwa na mke na watoto wanne, na kifua kisichoweza kushika jembe. Nikamwambia kwa upole kadiri nilivyoweza. Akasema anajua, ameshamweleza mkewe, na Mungu yupo.

Ningeigonga muhuri fomu ile vilevile ilivyo. Ila utaratibu ulinitaka nilinganishe kwanza na jalada, nami nilikuwa mtumwa wa utaratibu. Nikalitoa kabatini. Lilikuwa nene mno kwa mtu wa miaka minane.

Barua ya kwanza ilikuwa ya ajira, masharti ya kudumu na pensheni, ya muda mfupi baada ya Uhuru. Alifanya kazi miaka minne, akapewa likizo ya masomo ya miaka miwili kwenda chuo cha misitu, kwa mshahara kamili. Alipohitimu tu, akaomba likizo bila malipo ya mwaka mmoja, kwa kuwa baba yake kule Mlola alikuwa amepooza na hapakuwa na mtu wa kumgeuza kitandani. Akakubaliwa. Baada ya hapo ndipo ilipokuja ile miaka minane.

Nikamuuliza, nikiwa nimeshapandisha hasira, kwa nini ameidanganya serikali kwa kujipunja. Akanishangaa. Kijijini kwao, alisema, kwenye shamba la ujamaa, mtu aliyekosa msimu mzima jina lake lilikatwa daftarini, na akirudi anaandikwa chini kabisa kama mgeni. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimamia sheria hiyo alipokuwa katibu wao mwaka ule wa kumuuguza baba, na alimkata hata shemeji yake. Sasa angewezaje kujipendelea?

Nilicheka, Mungu anisamehe, mbele ya mgonjwa. Kisha nikalibeba jalada hadi kwa afisa utumishi, mzee wa Kibondei asiyependa maneno mengi. Akazisoma barua zote tatu, akafungua kitabu cha kanuni, akaniwekea kidole kwenye mstari. Likizo ya masomo kwa mshahara kamili ilihesabiwa yote, kana kwamba mtu yuko kazini. Likizo bila malipo haikuhesabiwa, lakini haikukata utumishi. Ya kabla yake na ya baada yake iliunganishwa.

“Kutohesabiwa si kufutwa,” alisema. “Mrudie umwambie.”

Nikarudi karibu nikikimbia. Nikamhesabia bwana miti kwa vidole: minne, miwili ya chuo, minane. Kumi na minne. Akaomba nirudie, nikarudia. Kisha akajifunika uso kwa viganja, na mabega yakatikisika. Nilifurahi kiasi kwamba nikamwagiza mhudumu amletee chai yangu mimi, jambo ambalo mhudumu yule hakuwa amewahi kuliona ofisini pale.

Alipotulia aliniuliza kuhusu mwaka uliobaki. Nikamweleza kwamba huo lazima niutoe kwenye hesabu, na niuandike kwenye fomu mpya. Nikaongeza, kwa kidomo changu, kwamba ni hasara, kwani angeomba likizo hiyo angali chuoni pengine wangemtafutia njia ya kuuhesabu.

“Utoe, dada,” akasema. “Ule mwaka nilimpa baba yangu. Ukihesabiwa tena serikalini, nitakuwa nimempa nini?”

Nikachovya kalamu nikaandika: mwaka mmoja, hauhesabiwi. Akausubiri wino ukauke, akaisoma ile mistari polepole kwa midomo, akatia sahihi yake chini.