Njia Isiyopata Askari

Bidoni za maziwa, madumu yetu ya plastiki, zikigongana, sina shida. Kinachonitisha ni bidoni moja, kwa sababu bidoni moja haigongani na kitu. Inapita kimya mgongoni mwa mwanamke, na wewe uliye nyumbani huna cha kusikiliza.

Nimezaliwa juu ya Mushaki, milimani upande wa Goma, kwa watu wa ng'ombe. Siku ya soko wanawake wa kilima chetu walikuwa wanangojana kwenye jiwe kubwa, pale njia inapoanza kuteremka kwenda barabarani. Hakuna aliyewaamuru. Wa kwanza kufika aliketi, wa mwisho alitukanwa kidogo kwa uvivu wake, kisha walishuka wote pamoja, kamba za bidoni zikiwa zimewakaza paji la uso, wakisema watu vibaya njia nzima. Bandi walikuwapo. Walikuwa wanatoka porini na kunyang'anya maziwa, simu, kitenge kipya. Lakini kundi kubwa liliwapa kazi ngumu, na mara nyingi waliliacha lipite.

Mwaka mmoja nilipata kazi katika utafiti wa usalama. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba baada ya soko na kuuliza watu kama wameibiwa, wapi na namna gani. Kiongozi wetu alikuwa profesa kutoka Goma, mtu mpole, mwenye viatu visivyofaa matope yetu. Alitaka kujua jambo moja: polisi wawili wakitembea kwa miguu katika njia siku ya soko, wakisalimia watu, unyang'anyi unapungua au haupungui? Msicheke. Kwetu hilo ni swali la kweli. Askari anaweza kufukuza bandi, na anaweza pia kusimamisha mwanamke na kuomba kikombe cha maziwa, kisha kingine. Hakuna aliyejua kwa hakika ni lipi lingezidi.

Polisi hawakutosha njia zote. Kwa hiyo Profesa alipanga njia mbilimbili, zinazofanana kwa urefu, kwa watu na kwa sifa mbaya, na katika kila jozi tombola, yaani kura ya bahati, ingechagua moja ipate askari. Nyingine ingebaki kama kawaida, ili ziweze kulinganishwa, na zamu yake ingekuja baadaye. Angechagua yeye, watu wangesema amehongwa. Angechagua shefu wa polisi, askari wangekwenda kwa shemeji zake. Tombola haina shemeji. Mimi mwenyewe niliieleza hivyo, na nilijiona nina akili sana.

Tulichezesha tombola mbele ya watu wote, katika uwanja wa shule, baada ya ibada, ili asiwepo wa kunung'unika. Njia yetu ya jiwe iliwekwa pamoja na njia ya mikaratusi, iliyo upande wa pili wa mgongo wa kilima. Mke wa mwalimu wa dini akaingiza mkono kwenye kapu, akatoa kifuniko cha chupa kilichopakwa rangi. Mikaratusi ilipata askari, jiwe lilikosa. Watu wa mikaratusi walipiga makofi. Mzee mmoja wa ng'ombe, ambaye hajawahi kusifu kitu chochote, aliinua fimbo yake.

“Papa Profesa,” akasema, “na bandi, nabo mulibaita ku tombola?”

Watu wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikatazama nyuma yangu. Uwanja ulikuwa umejaa vijana ambao sikujua nusu yao wametoka wapi. Haki tuliyoitafuta ilitaka kila mtu aone, na kila mtu alikuwa ameona.

Siku ya soko iliyofuata nilipita kwenye jiwe. Nilikuta wanawake wachache. Soko lililofuata hilo, wakawa wachache zaidi. Sikuhitaji kuuliza. Walikuwa wanapanda mgongo wa kilima na kushukia mikaratusi, kwenye askari. Ni mwendo mrefu, lakini mwanamke mwenye miguu mizima, akichagua kati ya jasho na bandi, atachagua jasho. Nani angewalaumu?

Dada yangu mkubwa hakuwa na miguu mizima. Alianguka na mzigo zamani, na nyonga yake haikurudi sawa. Kuteremka aliweza, polepole. Kupanda ule mgongo na bidoni, hapana. Ana watoto wanne na mume aliyekwenda machimbo ya Bisie kutafuta maisha, na tangu hapo simu tu, tena mara mojamoja. Maziwa ya ng'ombe wake wawili ndiyo yaliyokuwa yanailisha nyumba ile. Ndama wake walikuwa wamekonda hadi tukawa tunamtania kwamba anafuga mbuzi warefu, maana karibu kila tone lilikwenda sokoni.

Hapo ndipo woga uliponishika vizuri, ukakaa. Njia yetu ilikosa askari, sawa, lakini haikuwahi kuwa nao. Kitu kipya ni kwamba ilikuwa imekosa wanawake. Mpango uliahidi kuiacha kama kawaida, na kumbe kawaida yenyewe ilikuwa lile kundi, na kundi lilikuwa limeondoka. Dada yangu alibaki na mama mmoja mjamzito, na mama huyo akajifungua.

Nilimpigia Profesa nikiwa nimesimama nyuma ya zizi, mahali pekee penye mtandao. Nilimwambia yote bila adabu sana.

“Hilo sikuliona,” akasema. “Nilifikiri bandi watahama njia. Sikufikiri akina mama njo batahama.”

“Basi peleka askari ku jiwe.”

“Nikihamisha askari kila mara tunapoogopa, hatutajua kitu. Na njia ingine itauliza juu ya nini si yeye. Kuko komite ya watu wa nje, iko na uwezo wa kutusimamisha. Nitabaandikia leo.”

“Watajibu lini?”

Hakujua. Sikuona uongo kwake, na hilo ndilo lililoniudhi, kwa sababu mtu mwongo unaweza kumkasirikia ukalala. Kabla ya kukata aliniomba kitu: nisitembee na dada yangu sokoni. Mimi ni mtu wa utafiti. Nikiwa naisindikiza njia moja, naharibu hesabu yake, na nikipatwa na jambo, yeye ndiye atakayemweleza mama yangu.

Siku ya soko nilitembea naye.

Ukungu ulikuwa chini, majani ya njia yamelowa, sketi yangu ikashika miguu. Dada alitangulia, akichechemea, bidoni imemnyamazia mgongoni. Nilitaka tuongee kwa sauti, tuonekane wengi. Nilianza habari mbili, sikumaliza hata moja. Tulikuwa watu wawili tu.

Chini ya kona ya pili walikuwa wameketi wanaume wawili kwenye ukingo wa njia. Hawakujificha. Mmoja alikuwa na panga kwenye magoti, anachonga kijiti, hana haraka. Dada alisimama. Kurudi kupanda na nyonga ile isingewezekana, na wao waliliona hilo kabla yetu.

“Mama, tupatie maziwa,” akasema mwenye panga.

Dada akashusha bidoni, akafungua, akamimina kwenye kifuniko. Yule akanywa, akampa mwenzake, akafuta mdomo.

“Zamani mulikuwa munapita mingi,” akasema, kama mtu anayekumbuka jirani wa zamani. “Mupaka tunachoka kuhesabu miguu. Sasa muko wawili. Huyu mwingine ni nani?”

“Ni mudogo yangu,” dada akajibu.

Mwenye panga akanitazama muda mrefu. Nilikuwa nimeacha nyumbani kofia ya kazi, lakini nilihisi kama imo kichwani.

“Na soko ingine, atakuya tena?”

Dada akaanza kufunga bidoni yake. Mwenye panga akainuka, akaingia kwenye majani, mwenzake akamfuata. Hawakutugusa. Ningependa kusema kwamba nilishukuru, lakini niliogopa zaidi kuliko kama wangechukua bidoni nzima. Mwizi aliyekwisha kuchukua ameondoka. Hawa walikuwa wametuachia soko lijalo.

Nilimweleza Profesa siku hiyohiyo. Hakunigombeza kwa kutembea. Aliandika tena kwa komite, safari hii kwa haraka, na mimi nikatumwa mbali, upande wa Kibua katika Walikale, kwa kazi ya maswali. Kule, kila siku ya soko ya kwetu, nilimpigia dada simu. Alikuwa anapokea. “Niko,” alisema. “Niko muzima.” Hakuongeza neno, na mimi sikumwuliza, kwa kuogopa nitakachosikia.

Niliporudi nyumbani, jibu la komite lilikuwa bado, na ilikuwa zamu ya kilima chetu kuulizwa. Sheria ya kazi ilinikataza kumwuliza ndugu yangu, na ni sheria nzuri. Mwenzangu, kijana mchangamfu wa kutoka mjini, ndiye aliyeingia kwa dada. Mimi nilingoja nje, karibu na zizi.

Alitoka anatabasamu.

“Habari njema,” akasema. “Ku dada yako hakuna kitu. Hawajamuibia hata mara moja. Nyumba zote za hii njia zinasema vile. Wanawake wengine banapita mikaratusi, lakini ku jiwe kuko kimya kabisa. Utaona, Profesa atasema njia bila askari iko sawasawa na ile ya askari.” Akaegemea mti wa zizi, akatazama ndani. “Na hawa ndama, wamenona hawa.”

Nikatazama. Walikuwa wamenona kweli. Manyoya yanang'aa, mbavu hazionekani tena, mmoja bado ana povu la maziwa mdomoni. Mbuzi warefu wa dada yangu walikuwa wamegeuka ng'ombe.

Katika maswali yetu lilikuwamo la wizi, la simu, la panga na bunduki, hata la woga wa usiku. Swali la kama mtu alikwenda sokoni halikuwamo. Tulipoyaandika, hakuna aliyefikiri kwamba mwanamke wa maziwa anaweza asiende.

Dada alikuwa ameketi jikoni, mguu ameunyoosha, anamenya viazi vidogo vya kupikia watoto. Kwenye rafu yake hakukuwa na chumvi, maana hakuna kilichouzwa. Nikakaa chini karibu naye.

“Mutoto wenu wa maswali ni muzuri,” akasema. “Ana heshima. Aliniuliza kama nimeibiwa, nikamwambia apana. Hakuniuliza kama nilishuka.”

Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya zizi, nikatafuta mtandao wa kumpigia Profesa.