Mashine Haikusema Feki

Ofisi yetu ya kupeleka wageni mlimani iko mjini Moshi, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Kazi yangu ni kusajili vitambulisho vya wapagazi, wapishi na waongoza wageni. Wao wanapiga picha kadi, wananitumia kwa simu. Programu inasoma jina, namba na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha inalinganisha vilivyoandikwa. Mahali pasipolingana inaweka alama ya njano. Inaishia hapo. Kujua kama kadi ni ya kweli si kazi yake, na imeandika hivyo chini ya kila ukurasa, kwa herufi ambazo meneja wetu hajawahi kuzishushia macho.

Meneja huyo alikuwa na digrii mbili na subira isiyofika nusu.

Siku moja ikaingia picha ya mpishi mmoja wa Mwika, mtu mzima aliyepika mlimani tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Jina lilisomeka, namba ilisomeka, tarehe ya mwisho ilikuwa bado mbali. Lakini alama ya njano ikawaka: mwaka wa kuzaliwa umesomeka sitini na tatu, wakati tarakimu za mwanzo za namba, ambazo kwa kawaida ndizo tarehe ya kuzaliwa, zinasema sitini na nane. Chini yake: "Picha ina mng'ao. Linganisha kwa macho. Huu si uthibitisho wa uhalali wa hati."

Nikageuza skrini kumwonyesha meneja. Kosa langu la kwanza.

"Feki!" akasema, kwa furaha ya mtu aliyekamata mwizi bila kukimbia.

"Bosi, imesema havilingani. Tumwombe picha nyingine."

"Dada, mashine haidanganyi."

Mashine ilikuwa haijasema hivyo. Lakini vidole vyake vilishaandika kwenye kundi la simu la waongoza wageni wote: wajihadhari na mpishi fulani, kitambulisho chake ni feki. Nafasi yake kwenye safari ya kesho yake akapewa mwingine. Mimi nikainamia kazi zangu. Nilimwogopa yule mtu, niseme ukweli, na nilikuwa na mkataba wa miezi mitatu mitatu.

Keshokutwa yake mpishi akapanda ngazi zetu. Alivaa koti la kanisani. Mkononi alikuwa na bahasha: cheti cha ubatizo, barua ya mwenyekiti wa kitongoji, na kadi yenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja nikaguliwe."

Nikaipokea kadi, nikaelewa kabla sijakaa. Alikuwa ameipeleka steshenari ikapigwa plastiki nyingine juu ya ile ya kwake, maana mvua ya mlimani haiulizi mfuko wa nani. Nusu ya wapagazi wetu hufanya hivyo, na plastiki ile hung'aa kama sufuria jipya. Mwanga wa dirisha la jikoni kwake ulikuwa umekula upande mmoja wa nane, ikabaki tatu. Kwa macho ilisomeka vizuri kabisa: sitini na nane.

Nikaipeleka kwenye korido, kivulini, nikapiga picha upya. Namba na tarehe zikalingana. Njano ikatoweka.

Meneja akachungulia juu ya bega langu. "Safi! Mashine imethibitisha ni halali."

Hapo nikachemka. "Haijathibitisha chochote, bosi! Leo imesema vinalingana, juzi ilisema havilingani. Feki ulisema wewe."

Akacheka, akatoa simu. "Basi yameisha. Nimefuta ule ujumbe, mzee wangu. Safari ijayo utakwenda."

Mpishi akarudisha karatasi zake kwenye bahasha moja moja, bila haraka.

"Naomba uandike mwingine wa kunisafisha," akasema. "Huo uliofuta wameshausoma."

"Nikiandika tena ndiyo nakuza mambo."

Hakubishana. Akaniaga mimi, akashuka. Meneja akaniambia wazee wa migombani wana makuu, kisha akaagiza chai.

Ujumbe mwingine haukuandikwa. Ningeweza kuuandika mwenyewe, kundi lile nimo. Nilijiambia si kazi ya karani, nikaamini.

Wiki tatu baadaye nilikuwa kwenye bucha, nyumbani kwetu Mwika, nikisubiri kilo yangu ya nyama. Mwongoza wageni mmoja wa kampuni nyingine akanitambua, akanisalimia vizuri, akauliza mbele ya foleni nzima: "Yule mpishi wa kadi feki, bado mnaye?"

Nilimjibu kwa ukali mpaka muuzaji akashusha kisu. Nikaeleza plastiki, mng'ao, tatu na nane, na kwamba mashine haikusema feki.

Mke wa mpishi alikuwa watu wawili nyuma yangu. Alisubiri nimalize, akaniuliza kwa sauti ya kawaida:

"Na siku ile ujumbe unatumwa, ulikuwa unajua?"