Tutakupigia Simu

Rauza aliijua ile wiki kama alivyojua tanuri lake. Jumatatu binti mpya anaingia kwa mlango wa nyuma, nywele kazifunga vizuri, kavaa viatu vyake vya maana kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba sakafu ya jikoni inateleza. Anapewa aproni nyeupe. Anaambiwa hii ni wiki ya kujifunza, haina malipo, akifaulu ataajiriwa. Simu anaiacha kaunta, kwenye droo ya mtoto wa mwenye duka, maana jikoni simu ni marufuku. Jumapili jioni Zauresh, mwenye duka, anachungulia mlangoni na kuuliza, "Vipi, anafaa?"

Na Rauza, ambaye alijua vizuri jibu linalotakiwa, anasema, "Bado mkono wake mzito."

Binti anavua aproni. Rauza anaandika namba yake kwenye simu, anamwambia, "Tutakupigia." Jumatatu anaingia mwingine. Na samsa za wiki nzima, zile sambusa za kuoka alizokunja yule wa kwanza, zimeshaliwa harusini na watu wamelamba vidole.

Usije ukadhani alikuwa mtu katili. Alipikia watoto wa shule huko kwao upande wa Turkistan mpaka jiko la shule likafungwa, mumewe akafariki, akahamia mjini Shymkent na begi moja. Zauresh alikuwa ameolewa na kaka yake Rauza wa baba mdogo, kwa hiyo wakaitana wifi. "Njoo unisaidie kidogo, wifi, msimu huu wa harusi," alimwambia. Msimu ukaisha, ukaja mwingine, Rauza akawa ndiye jiko lenyewe. Alipewa aproni ya zambarau yenye jina la duka, na malipo yake mkononi, wakati mwingine yote, wakati mwingine nusu na kilo ya nyama. Siku moja aliuliza habari ya mkataba. Zauresh akacheka kwa upole. "Karatasi ni za watu baki, wifi. Mimi na wewe tuandikiane nini?" Rauza akaona haya, hakuuliza tena.

Jikoni alikuwa yeye na mwanagenzi wa wiki hiyo, basi. Na ile mashine ya kukandia unga.

Lilikuwa dude la chuma, na bakuli ambalo mtoto angeweza kuogea. Lilikuja na kifuniko cha nondo juu yake; ukikiinua, mashine inazima yenyewe. Zauresh aliona kuzima huko kunachelewesha kazi. Akaleta utepe wa gundi, akaifunga swichi ya pembeni inayoizima, kifuniko kikawa kinabaki wazi siku nzima na kulabu ya kukandia ndani inazunguka tu. Rauza hakuipenda sauti yake toka siku ile. Kila mwanagenzi alimwambia jambo moja kabla ya mengine yote: hapa mkono hauingii. Halafu akawa anageuka kila baada ya muda kuangalia kama mikono yote ipo.

Tolganai alikuja majira ya machipuko, wakati harusi zinafuatana. Alikuwa ametoka chuo cha upishi na alikuwa na mdomo.

"Shangazi, hii aproni nyeupe ni ya bibi harusi au ya maiti?"

"Ni ya mtu anayefanya kazi kimya kimya."

"Basi mmempa mtu asiyehusika."

Lakini mikono yake, jamani. Siku ya pili alikunja samsa mshono hauonekani. Siku ya tatu alipanga tabaka za keki ya asali Rauza akasimama kumwangalia tu. Alikuwa amemwahidi bibi yake kitambaa cha kichwa kutoka mshahara wa kwanza, kama kawaida ya watu, bibi akipokee na ambariki. Alikitaja hicho kitambaa kutwa: cha bluu, hapana, cha kijani, bibi hapendi bluu. Rauza alikuwa akimsikiliza huku akijua Jumapili inakuja. Na Alhamisi, akiwa anapaka trei mafuta, akaamua. Safari hii Zauresh akichungulia, atamwambia anafaa. Atakavyokasirika na akasirike.

Jumapili haikufika. Jumamosi kulikuwa na oda ya harusi kubwa, gari linapiga honi uani, Zauresh anaingia na kutoka. "Wifi, shika trei hizi unipelekee garini."

"Mashine inazunguka," Rauza akasema.

"Si huyo yupo? Anajua. Tolganai, endelea na unga, usilale."

Rauza akabeba trei. Hakufika hata garini. Alichosikia kwanza ni mashine kubadilisha sauti, ikawa inaguna kama imepewa kitu kigumu, ndipo akasikia ukelele. Alirudi mbio, akang'oa waya ukutani. Tolganai alikuwa ameingiza mkono kukwangua unga uliokwama, kama wanavyofanya wote wakiharakishwa. Mkono ulivunjika pabaya, na vidole viwili madaktari hawakuweza kuviokoa.

Hospitalini nesi alimuuliza binti ameumia akiwa wapi. Zauresh, aliyefika mbio, alifungua mdomo. Tolganai akamtangulia. "Kazini," alisema, na nesi akaandika. Mtu akiumia kazini, hospitali yenyewe hupeleka taarifa kwa wakaguzi wa kazi, haimngoji mwenye duka. Zauresh alikuwa hajui hilo. Rauza alimwona uso ukimbadilika.

Siku mbili baadaye Zauresh alimfuata Rauza nyumbani na keki nzima ya asali. Walikunywa chai ya maziwa. Alikuwa mpole kupita kawaida.

"Mkaguzi atakuja kesho, wifi. Mwambie kwamba yule binti hakuwa mfanyakazi. Alikuja kuangalia tu, kwa hiari yake, kujitolea. Si kweli? Kuna mtu alimlipa?"

"Hakuna aliyemlipa."

"Basi. Asiyelipwa siyo mfanyakazi."

"Na akiniuliza nani alimweka kwenye mashine?"

Zauresh alimkatia kipande kingine cha keki. "Mwambie hukuona. Mimi pia sikuona."

Alipoondoka, Rauza alikaa na ile keki mezani akiwaza. Kama Tolganai alikuwa mgeni, nani alimruhusu mgeni kugusa mashine? Jikoni mkubwa ni nani? Aliigeuza huku na huku ile habari, na kila alikoigeuzia ilirudi kwake. Na binti je? Mgeni aliyeumia jikoni kwa watu hana fidia ya kazini, hana bima ya mwajiri, hana chochote. Ana mkono mmoja mzima na bibi wa kumlilia. Rauza aliogopa kwelikweli usiku ule, kwa ajili ya binti na kwa ajili yake mwenyewe, na haijulikani kwa ajili ya nani zaidi.

Mkaguzi aliitwa Serzhan, kijana mnene mwenye mafua. Alisimama jikoni akaitazama mashine. Utepe ulikuwa umeshabanduliwa, lakini gundi ilibaki na unga umeganda juu yake. Aliikwaruza kwa ukucha.

"Alikuja kwa hiari," Zauresh alianza. "Wifi yangu huyu ndiye alimwalika. Anapenda kufundisha. Mimi hata jina la binti nimelijua hospitalini."

Kwa hiyo lilikuwa tayari limeshapangwa, lawama iwe yake. Rauza alimtazama mtu aliyekula naye sikukuu zote. Kisha akaanza kusema. Alieleza nani alimpokea Tolganai, saa ya kuingia ilipangwa na nani, samsa zake ziliuzwa kwa nani, nani alifunga swichi, nani alisema endelea na unga. Alisema na habari ya wiki za kujifunza, mabinti wote, na yeye mwenyewe alivyokuwa akiwarudisha nyumbani.

Serzhan alipenga kamasi, akamtazama Zauresh. "Kwa sheria, mama, ukimwingiza mtu kazini na mwenye kazi anajua, huyo ameshaajiriwa toka siku hiyo, karatasi iwepo isiwepo. Wiki ya majaribio ni sawa, lakini ndani ya mkataba, na kwa malipo. Hiyo ya bure haipo." Akamgeukia Rauza. "Wewe umeajiriwa lini?"

Rauza alianza kuhesabu misimu ya harusi.

"Huyu?" Zauresh alisema, na sauti yake ilikuwa laini ile ile ya siku zote. "Huyu ni ndugu. Huja kunisaidia. Muulize mwanangu kaunta."

Na yule mtoto, ambaye Rauza alimlisha kwa mkono wake, aliinamia droo yake akasema ndiyo, shangazi huja kusaidia siku mojamoja.

Nje uani Serzhan alimwambia ukweli bila kuupamba. "Mimi nakuamini. Lakini mwenye duka anakana, jambo hili litaishia mahakamani, na mahakama ndiyo itasema kama palikuwa na ajira au hapakuwa. Yeye ana mwanawe. Binti ana madai, na wewe sasa una yako, watasema mnasaidiana. Tena wakikuona wewe ni ndugu wa kupitapita tu, hayo uliyoona watayatupa. Nitafutie watu waliofanya kazi humu ndani na hawana cha kupata. Waseme waliyoyafanya na nani aliwatuma."

"Na wasipotokea?"

"Basi palikuwa na mgeni aliyeumia," alisema, "na ndugu aliyemwacha na mashine."

Rauza alirudi nyumbani. Namba zote alikuwa nazo. Ndiye aliyekuwa akiziandika, Jumapili baada ya Jumapili, na hakuwahi kubonyeza hata moja. Alianza na Perizat, kwa sababu alimkumbuka: binti mrefu aliyekesha akijaza keki za sikukuu huku ana homa, akaomba kurudi nyumbani mapema, na Jumapili akaambiwa ana mkono mzito.

Simu iliita muda mrefu.

"Perizat? Ni Rauza. Wa duka la samsa."

Mtoto mchanga alikuwa akilia mahali fulani, na mtu akimbembeleza.

"Ee, shangazi Rauza," alisema Perizat. "Mkono wangu umeshakuwa mwepesi?"

Rauza alimweleza yote. Alieleza vibaya, akaruka, akarudia, habari ya vidole, ya kitambaa cha bibi, ya mkaguzi. Akaomba msamaha, tena akaomba. Mwisho akasema hana mtu mwingine wa kumtegemea, akasikia mwenyewe jinsi maneno hayo yalivyo mabaya.

"Nimekusikia," Perizat alisema. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Namba yako hii imebaki kwangu."

"Kwa hiyo utakuja?"

"Tutakupigia simu, shangazi."

Ikakatika. Rauza alikaa na simu mkononi. Halafu akashuka chini kwenye orodha, akatafuta jina lililofuata.